Semliki Hauibi Ardhi: Kwa Nini Delta Hutitia na Mto Wake Huhama

Kila unapofika msimu wa mvua kubwa, maneno yaleyale husikika tena wilayani Ntoroko, magharibi mwa Uganda: mto Semliki umeivamia Uganda, umekula malisho, umewapa majirani zetu wa Kongo ardhi ambayo babu zetu walichungia ng'ombe. Malalamiko hayo yana msingi, kwa sababu mfugaji ambaye jana alikuwa na uwanda wa majani na leo ana maji tu mbele ya zizi lake amepoteza kitu halisi. Ninachokataa ni lile neno la wizi, kwa kuwa limetufanya tutafute mkosaji mahali pasipo na mkosaji, na limetupeleka kwenye dawa ambazo zitauzidisha ugonjwa. Mto unaomwaga maji yake katika ziwa na kujijengea delta hauna budi kuhama, na ardhi unayoijenga haina budi kutitia. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni tope.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa dhati siku mzee mmoja wa jamii ya Batuku, ambaye nitamwita kwa empaako yake tu, yaani jina lake la heshima, Amooti, aliponitembeza katika nyanda za chini za Semliki. Alinisimamisha mbele ya bonde jembamba lililopinda kama mundu, limejaa matete, na katikati yake maji ya kijani yaliyotulia. Akaniambia kwamba hapo ndipo walipokuwa wakinywesha mifugo alipokuwa kijana. Mto wenyewe siku hiyo ulikuwa mbali kiasi kwamba tuliusikia kabla ya kuuona.

"Mzee Amooti, ulihama polepole au kwa mara moja?" nilimuuliza.

"Inategemea unauliza wapi, mwanangu," alijibu. "Kule juu, kwenye kona, ulikuwa unakula ukingo kidogo kidogo, kila mwaka hatua mbili tatu. Hapa haukutuaga. Usiku ilinyesha sana, asubuhi tukakuta maji yamefika kiunoni tu, na baada ya wiki mbili mtoto anavuka bila kukunja suruali."

Katika jibu hilo fupi mzee alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo magazeti yetu huyachanganya kila mara, na ambayo hata sheria ya mipaka huyatazama kwa macho tofauti. Nitarudi kwake. Lakini kwanza tuutazame mto wenyewe, kwa sababu Semliki una jambo la kushangaza ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Ziwa Albert linapokea mito miwili mikubwa. Kaskazini huingia Nile ya Viktoria, baada ya kuporomoka katika maporomoko ya Murchison, na delta yake ni kinamasi mashuhuri cha mafunjo ambacho tangu mwaka 2006 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kusini huingia Semliki, ukitoka Ziwa Edward na kupita chini ya mabega ya Rwenzori. Nile ina maji mengi mara kadhaa kuliko Semliki. Mtu angetarajia basi kwamba Nile ndiyo ingekuwa mjenzi mkubwa wa ardhi, na sivyo ilivyo. Maji ya Nile yamekwisha kupumzika katika Ziwa Viktoria, kisha yakapumzika tena katika Ziwa Kyoga, na kila ziwa ni kama chujio: mto unaingia na tope, unatoka umelitua. Kinachofika Albert kutoka upande huo ni maji mengi yenye mzigo mdogo.

Semliki nao hutoka ziwani, pale Ishango upande wa Kongo, na pale unapoanza safari ni mto uliochujwa vilevile. Tofauti huanza baadaye. Kutoka Ishango hadi Albert, Semliki haukutani na ziwa jingine la kuupumzisha. Unapokea vijito vinavyoshuka kwa kasi kutoka Rwenzori, vikiwa vimebeba changarawe, mchanga na udongo, na wenyewe unachimba sakafu ya Bonde la Ufa ambayo ni mashapo laini ya maziwa ya kale, ambayo hayajawahi kuwa mwamba mgumu. Kwa hiyo unafika Ntoroko ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Delta hujengwa kwa kile ambacho maji yamekibeba, na kwa hesabu hiyo mto mdogo umemshinda mkubwa.

Mtu yeyote anaweza kuona jinsi ujenzi unavyoanza kwa kuchota maji hayo katika chupa angavu na kuiacha mezani. Kabla hujakaa vizuri, mchanga umekwisha kulala chini. Tope laini zaidi huchukua muda mrefu, na asubuhi ya pili bado kuna wingu la udongo wa mfinyanzi lililoning'inia ndani ya chupa. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua. Katika maji yaliyotulia, chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.2 hushuka karibu sentimita 2 kwa sekunde, kwa hiyo huvuka kina cha mita 2 katika muda wa dakika moja na nusu hivi. Chembe ya tope iliyo ndogo mara 10 hushuka polepole mara 60 hivi, na huhitaji saa moja na nusu. Chembe ya mfinyanzi, ndogo mara 10 tena, huhitaji karibu wiki nzima.

Sasa chukua chupa hiyo na uifanye kuwa mlango wa mto. Maji ya Semliki yanapotoka kati ya kingo zake na kuingia ziwani, yanatanuka na kupoteza mwendo, kwa sababu ziwa halina mteremko wa kuyavuta. Tuseme bado yanakwenda nusu mita kwa sekunde na kina ni mita 2: mchanga utakuwa umelala kabla ya kufika mita 50 au 60 kutoka mlangoni, hata kama misukosuko ya maji itausogeza mbele kidogo kuliko hesabu ya chupa. Tope laini litasafiri kilomita kadhaa, na mfinyanzi utatawanywa na upepo na mawimbi ziwa zima. Ndiyo maana mbele ya mlango wa mto huota fungu la mchanga, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Wavuvi wa Ntoroko wanalifahamu fungu hilo bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa ndilo linalokwamisha mitumbwi yao.

Fungu likishapanda, linakuwa kizuizi mbele ya mto ulioliweka. Maji hulazimika kulizunguka kushoto na kulia, mkondo mmoja unazaa miwili, na kila mmoja utakuja kujiwekea fungu lake na kugawanyika tena. Matete na mafunjo hushika mizizi juu ya fungu la kwanza, yanakamata tope zaidi, na baada ya muda mahali palipokuwa maji pana kisiwa. Mbele ya delta mchanga hushuka kwa mteremko mkali chini ya maji, na tope laini hutandazwa mbali zaidi likiwa tambarare, ili delta inaposonga mbele mchanga ukae juu ya tope lililotangulia. Mpangilio huu wa tabaka ulielezwa katika karne ya 19 na Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, alipokuwa akichunguza kingo za ziwa la kale la Bonneville, ambalo maji yake yalikuwa yamekwisha kukauka na kuziacha delta zake wazi kama mkate uliokatwa. Kumbuka tu kwamba msingi wa delta ni tope bichi. Huko ndiko kutitia kutakakoanzia.

Nyuma ya mlango, mto unajenga kitu kingine ambacho watu wengi hukidhani ni zawadi. Wakati wa mafuriko maji hufurika juu ya kingo, na yakishatoka kwenye mkondo hupoteza kasi papo hapo, kwa hiyo mchanga na tope zito hudondoka ukingoni penyewe na maji yenye udongo mwembamba ndiyo yanayokwenda mbali. Miaka ikipita, pande zote mbili za mto zinainuka matuta ya asili, na ardhi ya mbali inabaki chini. Tazama vijiji na kambi za wafugaji katika nyanda hizi: ni kana kwamba vimepangwa kwa uzi kufuata mto. Watu wamechagua tuta kwa sababu ni kavu na mifugo haizami. Hawakukosea. Lakini tuta hilo ni refu kwa sababu ndipo mto unapofurikia, na siku mto utakapovunja njia, utavunja hapo.

Kwa nini uvunje? Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, na naomba msomaji anivumilie kwa hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kuna mahali mtoni, tupaite chimbuko la delta, ambapo uso wa maji uko mita 4 juu ya uso wa ziwa, na kutoka hapo hadi mlangoni mto una urefu wa kilomita 20. Mteremko ni sentimita 20 kwa kila kilomita. Delta inasonga mbele na mto unazidisha mapindo, urefu unafika kilomita 25, na ziwa liko palepale: mteremko umeshuka hadi sentimita 16. Mto wenye mteremko mdogo hauwezi kubeba mzigo wake wa zamani, kwa hiyo unautua njiani. Sakafu inapanda, matuta yanapanda nayo, na baada ya miaka mingi mto unatiririka juu ya kigongo ulichojitengenezea wenyewe, huku pembeni kuna bonde la chini linalofika ziwani kwa kilomita 10 tu. Njia hiyo fupi ina mteremko wa sentimita 40 kwa kilomita, mara mbili na nusu ya ile ya sasa. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Deltani mkondo nao hufuata mteremko, na mteremko mkubwa uko upande wa pili wa tuta.

Wataalamu wa mito wamegundua kwamba hatari huwa kubwa pale ambapo sakafu ya mto imepanda juu ya uwanda kwa kiasi kinacholingana na kina cha mkondo wenyewe. Kama mkondo una kina cha mita 3 na sakafu inapanda sentimita 2 kwa mwaka, mto utakuwa tayari kuhama baada ya karne moja na nusu. Kuwa tayari si sawa na kuhama. Kinachobaki ni sababu ya siku hiyo: mafuriko makubwa, gogo lililokwama, au mwanya mdogo katika tuta. Katika delta ya Okavango kule Botswana, watafiti wameonyesha kwamba njia za viboko ziliwahi kuwa mwanzo wa mikondo mipya. Sisi tuna viboko na pia tuna ng'ombe, ambao kila siku hushuka mahali pamoja kunywa maji na kuikata kingo kwa kwato mpaka panabaki mfereji. Mara nyingi husikika kwamba mifugo ndiyo iliyouhamisha Semliki. Naona kauli hiyo ni nusu ya ukweli: ng'ombe huchagua mahali pa kutobokea, lakini mto ulikuwa umekwisha kupanda juu ya uwanda kabla ya ng'ombe kufika.

Pia tunaweza kukadiria ni wapi jambo hilo litatokea. Ziwa huyasukuma nyuma maji ya mto, na athari hiyo hufika umbali unaopatikana kwa kugawanya kina cha mto kwa mteremko wake. Kwa kina cha mita 3 na mteremko wa sentimita 20 kwa kilomita, ni kilomita 15 kutoka ziwani. Katika ukanda huo maji hupunguza mwendo, mashapo hulundikana, na huko ndiko mito mingi ya delta duniani huvunja njia. Kwa hiyo mtu anayelinda mlango wa mto peke yake anaweka mlinzi kwenye lango la mbele, na mgeni anapita uani.

Turudi sasa kwa Mzee Amooti na zile namna zake mbili za kuhama. Kule juu kwenye kona, mto ulikuwa ukila ukingo wa nje wa pindo na kutua mchanga ukingo wa ndani. Huku ni kutambaa. Pale aliponionyesha bonde la matete, mto uliacha kitanda chake chote na kuchukua kingine. Mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa mwaka 1915 uliweka mpaka wa Uganda na Kongo katika eneo hili kwenye mstari wa kina kikubwa cha mkondo wa Semliki, hadi mlangoni mwa Ziwa Albert, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubaliana mjini Kairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Sasa, desturi ya sheria ya mataifa husema kwamba mto unaotambaa huenda na mpaka wake, na mto unaoruka huuacha mpaka katika kitanda cha zamani. Marekani na Meksiko walibishana kwa miongo mingi juu ya kipande cha ardhi kiitwacho Chamizal kwa sababu ya kuhama kwa Rio Grande, na walimaliza kwa mkataba wa mwaka 1963.

Kwetu, maana yake ni hii: swali la kama mfugaji wa Rwebisengo amepoteza uraia wa malisho yake halijibiwi kwa kutazama mto uko wapi leo. Linajibiwa kwa kujua ulifikaje hapo. Na ushahidi upo ardhini. Mto uliotambaa huacha nyuma yake matuta madogo ya mchanga yaliyopangana kama mikunjo ya ngozi, kila moja likiwa ukingo wa mwaka fulani. Mto ulioruka huacha bonde zima la matete, na kati yake na mkondo mpya ardhi ya kale haikuguswa. Mtaalamu mwenye picha za angani za miaka mbalimbali na jembe la kuchimbia anaweza kutofautisha viwili hivyo. Nashangaa na kuhuzunika kwamba viongozi wetu hupanda jukwaani kulalamikia wizi huku ushahidi huu ukilimwa na kwato za mifugo mwaka hadi mwaka.

Upande wa pili wa jambo ni kutitia, na hapa macho yetu yanadanganywa zaidi, kwa sababu ardhi inayoshuka haitoi sauti.

Tope lililotoka kulala ziwani karibu lote ni maji. Kati ya kila mita 10 za tope bichi, mita 7 zaweza kuwa maji yaliyokamatwa kati ya chembe, na mita 3 tu ndizo udongo wenyewe. Likija tabaka jingine juu yake, uzito huyakamua maji hayo polepole. Ikifika siku maji yamepungua hadi nusu ya tabaka, ule udongo wa mita 3 utakuwa umebakiza maji ya mita 3, na jumla ni mita 6. Mita 4 zimetoweka bila udongo wowote kuchukuliwa. Kazi hiyo hufanyika kwa mamia ya miaka, lakini huwa haraka zaidi mwanzoni, yaani katika ardhi changa kabisa, ile ya ukingo wa ziwa ambako watu wanajenga vibanda vya kukaushia samaki. Mchanga haushindiliki kiasi hicho. Kwa hiyo tuta la mto na fungu la mlangoni hubaki juu, uwanda wa tope unazidi kushuka pembeni yake, na ile tofauti ya kimo inayoufanya mto utamani kuruka inaongezeka kutoka pande zote mbili.

Juu ya tope kuna tabaka za mafunjo yaliyooza nusu. Zikibaki ndani ya maji, hudumu. Mtu akichimba mitaro kukausha kinamasi ili alime, hewa huingia, mabaki yale yanaoza kabisa na kupotea kama moshi, na shamba hushuka. Baada ya miaka michache mkulima anahitaji mtaro wa kina zaidi, na mchezo unaanza upya. Nimeona shamba la namna hiyo ambalo mizizi ya miti ilikuwa imesimama wazi juu ya udongo kama vidole, na mwenyewe akaniambia kwamba mvua imeosha udongo. Eneo lilikuwa bapa kama meza; mvua haikuwa na pa kuupeleka. Ardhi ilikuwa imeshuka na kuuacha mti.

Chini kabisa kuna Bonde la Ufa lenyewe. Ziwa Albert halizidi kina cha mita 60 hivi, lakini chini ya sakafu yake kuna mashapo yenye unene wa karibu kilomita 5. Mengi yake yaliwekwa katika maji ya kina kifupi au kando ya mito, na hilo haliwezekani isipokuwa sakafu ilikuwa ikishuka kadiri ilivyojazwa. Mafuta ya visima vya Tilenga, wilayani Buliisa, na vya Kingfisher yamo katika mchanga wa mito na delta za zamani hizo. Ukigawanya unene huo kwa mamilioni ya miaka utapata kushuka kwa chini ya milimita moja kwa mwaka, kiasi ambacho peke yake hakimfukuzi mtu. Shida ni kwamba Bonde la Ufa haliendi kwa utaratibu. Hukaa kimya, kisha hutikisika. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966, lililoua watu zaidi ya 100, lilipasua ardhi katika bonde hilihili la Semliki.

Na kwa kuwa nimetaja mafuta, kuna jambo la kuchukua kutoka Italia. Katika delta ya mto Po, kuanzia mwaka 1938 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walivuta maji yenye gesi kutoka tabaka za chini, na mahali pengine ardhi ilishuka zaidi ya mita 3. Uchimbaji wa kwetu umepangwa kurudisha maji chini ili kutunza mgandamizo, na hiyo ni tahadhari ya maana. Lakini hakuna awezaye kusema kesho kwamba ardhi ya Buliisa imeshuka au haikushuka, kama leo hatujapima iko wapi.

Mwaka 2020 ulituonyesha jinsi ilivyo vigumu kusema. Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja mwezi wa Mei, kiwango kilichoipita kidogo rekodi ya 1964, na Ziwa Albert nalo lilipanda. Kanara na vijiji vingine vya ufukweni vilizama, watu wakahamishwa. Kila mtu alisema ziwa limepanda, na lilikuwa limepanda kweli. Lakini mti wa kipimo uliochomekwa katika tope la delta hauwezi kutofautisha ziwa lililopanda na ardhi iliyoshuka, kwa sababu wenyewe unashuka na ardhi. Ili kutenganisha mambo hayo, lazima kimoja kati ya vipimo vyako kiwe juu ya mwamba mgumu wa genge la Bonde la Ufa, kisha ulinganishe. Satelaiti za rada hufanya kazi hiyo kwa usahihi wa milimita katika maeneo makavu, ingawa juu ya majani na maji husumbuka. Dalili nyingine ni ya bure: tazama visima virefu vya pampu. Bomba la chuma lililoshuka hadi mchanga mgumu halitembei, udongo wa juu unapotitia hulitelemkia, na ile sakafu ya saruji iliyokuwa imelala ardhini inabaki imening'inia, na kuku wanapita chini yake.

Ziwa lililopanda lina athari nyingine ambayo haionekani mwaka uleule. Linapunguza mteremko wa mto kama ulivyopungua katika hesabu yetu, linasogeza ukanda wa kulundikana mashapo juu zaidi, na kuuandaa mto kuruka mahali ambapo haukuwa ukitazamiwa. Kwa maoni yangu, miaka ya baada ya ziwa kushuka ndiyo ya kuchunguza sakafu ya Semliki kwa makini, wakati kila mtu amekwisha kurudi nyumbani na kusahau.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni tuta la kujengwa na watu, lililonyooka na imara, la kuushikilia mto mahali pake. Ninaelewa kwa nini mama aliyelala juu ya meza na watoto wake usiku wa mafuriko anatamani tuta hilo. Lakini fikiria litafanya nini. Mafuriko ndiyo yanayoleta tope jipya uwandani, na tope hilo ndilo linalofidia kile kinachotitia. Ukiyafungia nje, uwanda unaendelea kushuka bila malipo, huku mashapo yote yakilala ndani ya mkondo na kuupandisha. Wachina walijenga matuta kando ya Huang He kwa zaidi ya miaka elfu mbili, mpaka sakafu ya mto katika sehemu za chini ikawa mita kadhaa juu ya mashamba. Mwaka 1855 mto uliyavunja, na mlango wake ukahama kutoka kusini mwa rasi ya Shandong hadi kaskazini, mamia ya kilomita. Misri ilipata jambo lilelile kwa njia nyingine: tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kujaa mwaka 1964, tope la Nile hubaki nyuma ya ukuta, na pwani ya Rashid imeliwa na bahari kwa kilomita kadhaa.

Semliki bado unaleta tope lake. Hiyo ndiyo bahati ya Ntoroko, ingawa inapofika mlangoni haionekani kama bahati. Ningependa kuona fedha za tuta zikitumika kwa kazi tatu zisizo na utepe wa kukata: alama za vipimo zilizofungwa mwambani na kusomwa kila mwaka, mabirika ya kunyweshea yaliyowekwa mbali na kingo ili ng'ombe wasizikate, na makubaliano ya Kampala na Kinshasa ya kuuandika mpaka wa sehemu hii kwa nukta za kudumu za ramani badala ya maji. Ile ya tatu inaweza kuanza katika mabonde ya matete, kabla hayajajaa. Lile la Mzee Amooti, nilipolipima kwa fimbo, lilikuwa limebakiza maji ya magotini, na chini yake fimbo ilizama katika tope laini hadi kiwiko changu bila kugusa mchanga.